Mnauliza Ukubwa, Hamuulizi Ulipo

Ole wenu mnaolitolea tumbo la mwanamke hukumu kabla halijapimwa! Mashangazi mnaohesabu miezi tangu siku ya harusi, waume mnaonyamaza mke akisemwa, wauza chupa mnaokaa langoni kwa hospitali mkimvizia anayetoka analia. Na ole wetu sisi tulioshika mashine, tuliomwandikia mtu neno "uvimbe" na sentimita zake, kisha tukamwita anayefuata.

Nimepima kwa ultrasaundi hapa Tanga miaka 22. Wanawake wanaokutwa na uvimbe wa kizazi, ambao wengi siku hizi wanauita faibroidi, huniuliza swali moja: "Una ukubwa gani, mama?" Nikisema sentimita mbili, uso unakunjuka. Nikisema nane, machozi. Walioniuliza umekaa sehemu gani ya kizazi nawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki. Nami, Mungu anisamehe, kwa miaka mingi sikuwaambia maadamu hawakuuliza.

Basi sikieni. Faibroidi ni nyama ya msuli wa kizazi iliyojikusanya ikawa donge. Si saratani, na ni nadra mno donge la namna hiyo kuonekana baadaye kuwa saratani. Halikuletwa na jicho la mtu, wala si ushahidi kwamba binti alitoa mimba shuleni, maneno ambayo nimeyasikia yakisemwa mbele ya binti mwenyewe, na msemaji akiwa mama mkwe. Utafiti uliofanyika Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003, uliwapima wanawake kwa ultrasaundi hata wasiokuwa na dalili yoyote. Ulikadiria kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa na uvimbe huu, na karibu asilimia 70 ya weupe. Yapimeni maneno hayo. Mama mkwe aliyezaa saba, kama angelazwa kwenye kitanda changu alipokuwa na miaka 48, huenda ningeukuta kwake pia. Amebeba mimba saba, na uvimbe wake hakuna aliyeujua. Kwa hiyo ukikutwa kwa mwanamke ambaye hajashika mimba, hapo umepata kitu walicho nacho wanawake wengi. Sababu ya kukosa mtoto hujaipata bado.

Kinachoamua ni mahali. Kizazi kina tundu ndani, ambamo mimba hujishikiza. Kina ukuta mnene wa msuli. Na kwa nje kimefunikwa na ngozi nyembamba laini. Uvimbe ulioota upande wa nje, ukaelekea tumboni, hauingilii mimba kushika, hata ukiwa mkubwa kama chungwa. Ulioingia kwenye tundu, hata kama ni mdogo kama zabibu, unaugusa utando ambao mimba inautafuta, na wenye uvimbe wa aina hiyo hushika mimba kwa kiwango kilicho chini ya nusu ya wasio nao. Jiwe lililoko uani halimsumbui alalaye. Kokoto iliyoko kitandani humnyima usingizi. Kati ya hizo mbili upo ule uliojificha ndani ya unene wa ukuta. Huo unaweza kupunguza uwezekano wa mimba kidogo, hasa ukiwa mkubwa au ukilisukuma tundu likapinda, lakini kama kuuondoa kunarudisha kilichopungua, hapo madaktari bingwa wenyewe hawajakubaliana.

Nawaeleza mwanamke mmoja ili mwone gharama ya kutouliza. Ana miaka 33, anauza vitenge, ameolewa mwaka wa nne. Aliwahi kushika mimba moja, ikatoka ikiwa na wiki tisa. Baada ya hapo alipimwa mahali fulani, akapewa karatasi yenye mstari mmoja: uvimbe, sentimita 7. Mstari huo ndio uliomtesa miaka miwili. Shangazi yake alimpeleka kwa muuza dawa ya "kuyeyusha uvimbe", chupa sita za mizizi iliyochemshwa, halafu vifundo vya kitambaa vya kuweka ukeni "kusafisha kizazi", vilivyomwachia vidonda na uchafu wenye harufu. Kila alipopima tena, uvimbe ulikuwa sentimita 7, wakati mwingine sita na nusu kwa sababu mpimaji ni mwingine na mkono ni mwingine. Muuza dawa akaichukua ile nusu sentimita akaifanya ushuhuda.

Hakuna aliyemuuliza habari za hedhi yake. Zilikuwa siku tisa, na siku tatu za mwanzo alibadilisha pedi kila saa moja na nusu, damu ikitoka na mabonge. Alilala juu ya mpira. Sokoni alikuwa akivaa kanga mbili nyeusi. Alipoletwa kwetu alikuwa ameanguka kwenye foleni ya daladala, na wingi wake wa damu ulikuwa gramu 6.4. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 na kuendelea; chini ya 8 ni upungufu mkali. Nyumba nzima ilikuwa ikizungumzia mtoto ambaye hajaja, na hakuna aliyeona kwamba mama mwenyewe yuko njiani kuondoka.

Nilimpima kwa kifaa cha kupitisha ukeni, maana kile cha juu ya tumbo huona vizuri uvimbe mkubwa na kuukosa mdogo. Nikakuta madonge matatu. Lile la sentimita 7 lilikuwa juu nyuma, limening'inia nje ya kizazi. La pili, la sentimita 3, lilikuwa ndani ya ukuta na halikugusa tundu. La tatu lilikuwa sentimita 2, na sehemu yake kubwa ilikuwa imechomoza ndani ya tundu. Daktari wake alitia maji safi ya chumvi kwenye kizazi kwa mrija mwembamba huku nikitazama, tundu likafunguka kwenye kioo, na lile dogo likaonekana wazi limesimama katikati ya maji. Kipimo hicho huchukua dakika chache. Miaka miwili watu walililia jiwe la uani, na kokoto iko kitandani, inamwaga damu.

Sasa nasema na nyinyi wenye chupa. Mnasema dawa yenu huyeyusha. Watengenezaji wa dawa wakubwa wa dunia, wenye maabara na fedha, wameitafuta dawa inayouondoa uvimbe na kumwacha mwanamke akiwa na uwezo wa kushika mimba wakati huohuo, hawajaipata. Zipo sindano za kila mwezi, kama goserelini, ambazo kwa miezi mitatu hupunguza uvimbe kwa theluthi hadi nusu. Lakini zinafanya hivyo kwa kuyalaza mayai: hedhi inakoma, joto la ghafla linampanda mtu usiku, mifupa inaanza kupungua nguvu ikiwa zitaendelea, na hakuna mimba wakati huo. Ukiacha, baada ya miezi michache uvimbe unarudi ulipokuwa. Kazi yake halali ni kumwandaa mtu kwa upasuaji, ili damu ijae na donge lipungue. Kulikuwa na vidonge vya ulipristali, vilivyosifiwa sana. Mwaka 2020 Ulaya iliviwekea mipaka mikali kwa sababu baadhi ya waliovitumia waliharibikiwa ini, wengine hadi kupandikizwa jingine. Walioviuza walikuwa na ripoti, na wakakaguliwa vilipoleta madhara. Ini la anayekunywa mizizi yenu analikagua nani?

Kwa hiyo dawa ina mahali pake, na mahali pake ni damu. Yule muuza vitenge aliongezewa chupa mbili za damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma, na kwa siku za hedhi akapewa asidi ya traneksamiki, gramu moja mara tatu kwa siku kwa siku zisizozidi nne. Hiyo haipunguzi uvimbe hata kidogo. Inapunguza damu inayomwagika. Wala haizuii mimba, ndiyo maana inamfaa anayetafuta mtoto. Hapewi aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa, na hilo lazima aulizwe. Vidonge vya uzazi wa mpango na kile kitanzi chenye homoni hupunguza damu vilevile, lakini kumpa anayetafuta mimba kitu kinachozuia mimba bila kumweleza ni kumdanganya, na nimeshuhudia mama aliyekaa nacho mwaka mzima akingoja mtoto.

Baada ya miezi mitatu damu yake ilifika 11.2. Katika miezi hiyo daktari alimwita mume, na hapa ndipo ninapotaka kusimama.

Mume hakuja. Alipiga simu kusema yuko safarini, baadaye akasema tatizo linajulikana, ni uvimbe, picha ipo, baadaye akasema, "Mimi nilishampa mimba, nipimwe nini?" Miezi minne! Mkewe ameingizwa vifaa ukeni mara tano, ametobolewa mishipa, amekunywa chupa za uchungu, na yeye anaombwa kukaa siku mbili hadi saba bila tendo, kisha kuweka mbegu kwenye kikopo kisafi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nanyi waume mnaujua msemo huo kuliko mimi. Katika ndoa zilizokosa mtoto, karibu nusu upande wa mwanamume una sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Mwanamume aliyewahi kutia mimba miaka mitatu iliyopita hajathibitisha chochote kuhusu leo. Kumwacha mke apasuliwe kabla hujakigusa kikopo ni kumtuma akubebee aibu kwa mwili wake.

Alikuja mwishowe, kaka yake mkubwa alipomkalisha chini. Mbegu zake zilikuwa milioni 9 kwa mililita moja, na kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia tangu mwaka 2021 ni milioni 16. Hazikuwa sifuri. Zilikuwa chache, na mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo aliambiwa aache sigara na bia, arudie baada ya miezi mitatu. Aliporudia zilikuwa milioni 17. Lakini tazameni: kama kikopo kingejazwa mwaka wa kwanza, ingejulikana mapema kwamba tatizo ni la wawili.

Kisha mkewe alipelekwa hospitali ya rufaa yenye histeroskopi, maana si kila hospitali ya mkoa inayo. Kamera nyembamba ilipitishwa mlango wa kizazi, donge la sentimita 2 likakwanguliwa kutoka ndani, hakuna mshono tumboni, kesho yake yuko nyumbani. Njia hii ni ya madonge ya ndani ya tundu, ya sentimita tatu au nne kushuka. Lililozama zaidi ukutani linaweza kuhitaji kurudiwa mara ya pili. Donge la sentimita 7 halikuguswa. Shangazi alipandwa na hasira: "Kubwa wameliacha, dogo wamelitoa, hao ni madaktari gani?" Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha, nikamchorea kizazi kwenye boksi la glovu. Akanyamaza. Sijui kama aliridhika, ila siku hiyo aliuliza swali ambalo hakuwahi kuuliza: "Kwa hiyo hili la nje linasubiriwa mpaka lini?"

Swali hilo ni zuri, kwa sababu kusubiri nako kumeharibiwa. Wapo wanaosema wanasubiri na kumbe wanaogopa tu. Kusubiri kwa daktari kuna tarehe: ultrasaundi baada ya miezi sita, kisha kila mwaka kama hakuna kinachobadilika, wingi wa damu kila unapohisi umechoka, na ukomo wa kutafuta mimba. Mwenye miaka chini ya 35 anajaribu miezi 12 kabla ya kuchunguzwa kwa undani. Aliyefika 35 anajaribu sita, kwa sababu mayai hayangoji. Kusubiri hakuna ujinga ndani yake, maana madonge haya hayakui kwa mwendo mmoja. Wamarekani waliowapima wanawake mara kwa mara na kuchapisha matokeo mwaka 2008 walikuta ukuaji wa kawaida ni kama asilimia 9 ya ujazo kwa miezi sita, na mengine yalikuwa yakipungua yenyewe, ndani ya mwanamke yuleyule ambaye donge lake jingine linakua. Anayejaza pedi kila saa, au ambaye figo imeanza kuvimba kwa sababu mrija wa mkojo umebanwa, huyo hasubiri. Wengine wengi wanaweza.

Na wenzangu wenye kisu, msidhani nimewasahau. Nina mdogo wangu wa tumbo moja. Mwaka 2009 alikuwa na miaka 36, na uvimbe wa sentimita 8 upande wa nje wa kizazi, hedhi yake siku nne, damu ya kawaida. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja aliambiwa, "Toa kwanza, halafu utazaa." Hakupigwa picha ya mirija. Mumewe hakupimwa. Alipasuliwa kwa mkato mkubwa, kizazi kikakatwa upande wa nyuma, akaongezewa damu chupa tatu. Miaka miwili ikapita bila kitu. Alipopigwa picha ya mirija, yote miwili ilikuwa imeziba, na daktari aliyetazama ndani kwa kamera alikuta makovu yameinatisha kwenye utumbo na mgongo wa kizazi. Je, iliziba kabla, au kisu ndicho kilichoiziba? Hakuna anayeweza kusema, kwa sababu hakuna aliyetazama kabla. Mumewe alimwacha, akaoa mwingine. Huyo mwingine naye hajazaa.

Upasuaji wa kuondoa uvimbe na kukiacha kizazi ni kazi njema panapostahili. Unastahili kwa anayeishiwa damu na dawa zimeshindwa, kwa ambaye madonge yamelipinda tundu, kwa aliyebanwa kibofu au figo, na wakati mwingine kwa mwenye donge kubwa ukutani ambaye mirija imepigwa picha, mume amepimwa, upevushaji wa mayai umehakikishwa, na bado hakuna mimba. Lakini mwambieni bei yake yote. Kila mkato kwenye kizazi huacha kovu, na kovu la mgongo wa kizazi ndilo baya zaidi kwa mirija. Damu hutoka nyingi. Anayejua kazi huweka misoprostoli ukeni saa moja kabla, hufunga mpira kuzunguka shingo ya kizazi wakati wa kukata, na haanzi bila damu ya akiba. Mara chache damu hukataa kusimama na kizazi chote huondolewa. Mgonjwa alisikie hilo kabla ya kutia sahihi. Madonge mapya yanaweza kuota miaka ijayo, kwa hiyo binti wa miaka 25 ambaye hana mchumba wala dalili asikatwe leo kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi mbele.

Na baada ya mkato mkubwa asishike mimba kabla ya miezi mitatu hadi sita, msuli upone. Ikiwa kisu kiliingia ndani sana ukutani au kilifungua tundu, atajifungua kwa upasuaji, kwa kawaida wiki ya 37 au 38, kabla uchungu haujaanza, maana kovu linaweza kupasuka. Sasa niambieni, mkunga wa kituo cha afya atalijuaje hilo kama mlimruhusu mama aende na kadi iliyoandikwa "amefanyiwa upasuaji wa uvimbe" basi? Nimewaona wakija na uchungu na kovu tumboni, hawajui ndani kulikatwa nini. Wewe dada uliyepasuliwa, dai nakala ya karatasi ya chumba cha upasuaji: madonge mangapi, yalikaa wapi, tundu lilifunguliwa au halikufunguliwa. Piga picha kwa simu. Daktari akiguna, dai tena. Ni mwili wako.

Yule muuza vitenge anaendelea. Hedhi yake sasa ni siku tano, pedi tatu kwa siku. Alikaa miezi mitatu kama alivyoambiwa, sasa wanajaribu mwezi wa tano, na mimba bado. Donge la nje lina sentimita 7, palepale lilipokuwa. Wiki iliyopita alikuja kupima damu, 12.3, akanikabidhi karatasi ya zamani yenye ule mstari mmoja, akaniomba niandike chini yake mahali donge lilipo. Nikaandika: juu, nyuma, nje ya ukuta, haligusi tundu. Alipotoka nilimfuata kwa macho mpaka langoni. Muuza chupa alimwita, "Dada, una uvimbe wa ngapi?" Alisimama, akaifungua karatasi, akamuuliza, "Wewe dawa yako inatibu wa upande gani?"